Tundu la 22 lisilopokea beringi ya 22

*"Naprinti kwa printa ya 3D, kwa plastiki ya PETG, kishikio chenye beringi ya 608 upande mmoja na fimbo laini ya mm 8 upande wa pili, mm 100 kati ya vituo vya matundu. Nilichora matundu 22 na 8 kamili. Beringi niliigonga kwa nyundo, kishikio kikapasuka. Nikaambiwa plastiki husinyaa, nikakuza modeli yote kwa asilimia 2: sasa beringi inadondoka yenyewe, na fimbo bado haiingii. Nikachora la fimbo upya, 8.5: juu inacheza, chini inakataa. Nakosea wapi?"*

Hiyo asilimia 2 ndiyo iliyokupoteza, ingawa aliyekushauri hakukosea kila kitu. PETG husinyaa kweli ikipoa, ila kwa kiasi kidogo: mara nyingi kati ya asilimia 0.2 na 0.4, karibu sawa na PLA. ABS ndiyo sumbufu, yenyewe hufika 0.7 hivi. Sasa piga hesabu. Asilimia 0.3 ya mm 22 ni mm 0.066 tu, na upungufu wa namna hiyo haupasui kishikio. Kwa dalili ulizoeleza, tundu lako la kwanza lilikuwa pungufu kwa karibu robo ya milimita. Kuna mwizi mwingine, na huyo ndiye mkubwa.

Nozeli inapochora duara la ndani, inalaza uzi wa plastiki laini kwenye kona isiyokwisha. Uzi huo bado ni wa moto na unavutwa kutoka mbele, kwa hiyo unakata kona: badala ya kutulia pale nozeli ilipopita, unasogea kidogo kuelekea katikati ya tundu. Laza kamba chini kwa umbo la duara, kisha vuta ncha yake. Utaona duara linavyojibana. Isitoshe, upande wa ndani wa uzi una mzunguko mfupi kuliko upande wa nje, lakini plastiki inayotoka kwenye nozeli ni ile ile. Ziada haina pa kwenda ila kufurika ndani ya tundu. Ongeza na kovu la mshono, pale kila tabaka linapoanza na kuishia, na utaelewa kwa nini tundu lililoprintiwa huwa dogo kuliko mchoro.

Jambo la kushika hapa ni kwamba upungufu huu haujali sana ukubwa wa tundu. Ukiwa mm 0.2 kwenye tundu la 8, utakuwa karibu 0.2 ule ule kwenye tundu la 22. (Chini ya mm 5 hivi huongezeka, kwa sababu kona ni kali zaidi.) Kusinyaa ni kinyume chake: hufuata asilimia, kwa hiyo kipimo kirefu hupoteza zaidi. Ni makosa mawili ya tabia tofauti, nawe uliyatibu yote kwa dawa moja. Ndiyo maana kukuza kwa asilimia 2 kuliipa beringi nafasi kupita kiasi, kukainyima fimbo, na juu ya hayo kukasogeza vituo vyako kutoka mm 100 hadi karibu 101.7.

Kabla ya kuilaumu printa, angalia pia umbo la duara lenyewe. Faili ya STL haina duara, ina poligoni. Programu ya kuchora ya OpenSCAD huweka pembe za poligoni juu ya duara ulilotaja, kwa hiyo kuta bapa hukaa ndani yake. Ukitumia `$fn = 32`, yaani poligoni ya pande 32, kwenye tundu la 22, nafasi kati ya kuta mbili zinazotazamana ni mm 21.89 tu, umeshapoteza sehemu ya kumi ya milimita kabla hata hujawasha mashine. Kwa `$fn = 96` hasara ni mm 0.012, unaweza kuisahau. Kwenye FreeCAD na nyinginezo, chagua ubora wa juu unapotoa STL.

Sasa fimbo inayocheza juu na kukataa chini. Hilo ni tatizo la tatu, na halina uhusiano na kusinyaa. Tabaka la kwanza hukandamizwa kwa makusudi ili lishike kitanda. Plastiki iliyokandamizwa hutanuka pembeni: nje ya kipande inatoka kama mdomo, ndani ya tundu inaingia kama pete. Kitanda chenye joto la nyuzi 80, kama kawaida ya PETG, huyaacha matabaka mawili matatu ya chini yakiwa laini huku yanayofuata yakiyaelemea. Waprinti wengi huuita mguu wa tembo; kwetu jina la matende lingetosha. Geuza kipande chako, pitisha ukucha kwenye ukingo wa chini wa tundu. Ukigonga kijiukingo chembamba ambacho juu hakipo, umempata. Kwa ulivyoeleza, tundu lako la 8.5 huenda lilitoka 8.27 juu na chini ya 8 kwenye pete ile. Ukilitanua zaidi ili pete ipite, sehemu nyingine yote ya tundu itazidi kulegea. Pete inatibiwa peke yake.

Anza na chanzo. Kama tabaka la kwanza linang'aa, lina mikwaruzo ya nozeli na kingo zilizoinuka, nozeli iko chini mno; ipandishe kwa hatua za mm 0.02 hadi mistari iguse bila kupandana. Kisha shusha kitanda nyuzi 5 baada ya tabaka la kwanza. Kitakachobaki ukiondoe kwenye slaisa, programu inayokata modeli kuwa matabaka: PrusaSlicer na OrcaSlicer wana `Elephant foot compensation`, Cura ina `Initial Layer Horizontal Expansion` ambayo huwekwa namba hasi. Namba hizi zinahesabiwa kwa kila upande. Pete iliyopunguza kipenyo kwa mm 0.3 inahitaji 0.15, si 0.3.

Lakini mimi ningekutaka uchore pia ukingo wa mshazari, nyuzi 45, wa mm 0.5 kwenye mdomo wa chini wa tundu la fimbo. Matende yatavimba ndani ya nafasi hiyo bila kuigusa fimbo, na mshazari huo unabaki kwenye modeli hata faili ikienda kwa mwenye printa nyingine ambaye hajui wewe uliweka nini kwenye slaisa. Kwa beringi kuna njia rahisi zaidi: printi kishikio huku kitako chake, yaani shimo linalopokea beringi, kikitazama juu. Hapo sakafu ya kitako ndiyo inayogusa kitanda, na matende hayana njia ya kuifikia beringi.

Baada ya hapo unahitaji namba zako mwenyewe. Za kwangu hazitakufaa, kwa sababu hutegemea printa, filamenti na kasi. Chora bamba la mm 130 kwa 34, unene mm 8. Weka matundu mawili ya mm 12, vituo vyake mm 100 kamili. Kati yao weka moja la 22 na moja la 8, yasikaribiane. Liprinti kwa mipangilio ile ile utakayotumia kwenye kazi: filamenti ile ile, idadi ile ile ya kuta, kasi ile ile. Liache lipoe kabisa kabla ya kulibandua, kisha pima upande wa juu, mbali na matende.

Kwa vernia, chukua vipimo viwili kwenye matundu ya 12. Cha kwanza, A, kwa ncha ndogo za ndani: moja katika kila tundu, zikisukuma kuta zilizo mbali zaidi. Cha pili, B, kwa taya kubwa, zikibana kile kipande kilicho kati ya matundu. Wastani wa A na B ni umbali wa vituo, na nusu ya tofauti yao ni kipenyo. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba upungufu wa tundu huongeza B na kupunguza A kwa kiasi kile kile, kwa hiyo kwenye wastani unajifuta. Kinachobaki ni kusinyaa peke yake. Wengi hupima urefu wa nje wa mche wa majaribio na kuuita kusinyaa, kumbe humo kuna unene wa ukuta uliofurika.

Tuseme umepata A = 111.46 na B = 87.94. Wastani ni 99.70: plastiki imebaki asilimia 99.7, yaani s = 0.997. Nusu ya tofauti ni 11.76: tundu la 12 limepungua mm 0.24. Kusinyaa kumechukua 0.036 (asilimia 0.3 ya 12), zimebaki 0.204. Tundu la 22 limesoma 21.73; pungufu 0.27, toa 0.066 ya kusinyaa, zimebaki 0.204. La 8 limesoma 7.77, pungufu 0.23, toa 0.024, zimebaki 0.206. Unaona mabaki yanavyolingana? Huo ndio upungufu usiojali ukubwa, tuuite b, na hapa ni 0.205. Kama mabaki yako hayafanani hata kidogo, pima tena kabla ya kuendelea.

Tahadhari moja kwenye kupima. Ncha za ndani za vernia ni bapa, nazo ndani ya tundu la duara hushikwa na pembe zake. Ncha yenye upana wa mm 1 italisoma tundu la mm 5 pungufu kwa karibu 0.1, kwenye la 22 kosa ni kama 0.02. Kwa matundu madogo tumia shina la drili kama kipimo: lipime kwa taya kubwa, kisha tafuta lile kubwa zaidi linaloingia bila kulazimishwa.

Kwa kuwa kipenyo kinachotoka ni s mara mchoro, kutoa b, basi cha kuchora ni (unachotaka + b) ÷ s. Kwenye OpenSCAD:

```
s = 0.997;
b = 0.205;
function chora(d) = (d + b) / s;

cylinder(h = 7.2, d = chora(21.93), $fn = 96); // beringi
cylinder(h = 20,  d = chora(8.20),  $fn = 96); // fimbo
```

Ya kwanza inatoa 22.20, ya pili 8.43. Vituo navyo gawa kwa s: 100 inakuwa 100.30.

Kama unapendelea kuacha modeli ikiwa na vipimo vya kweli na kazi hii kuiachia slaisa, sawa. OrcaSlicer ina `Shrinkage (XY)` kwenye mipangilio ya filamenti, unaweka 99.7%, na `X-Y hole compensation` kwa matundu. Cura ina `Hole Horizontal Expansion`. Hapa tena namba ni ya kila upande, kwa hiyo b ya 0.205 inaandikwa 0.10. Kwenye PrusaSlicer kuwa mwangalifu, maana `XY Size Compensation` hugusa nje ya kipande pamoja na matundu. La hatari ni kufidia sehemu mbili. Ukichora 22.20 na slaisa nayo ikaongeza 0.2, beringi itarudi kudondoka na utadhani hesabu ndiyo mbovu. Ikiwa faili zako zinaenda kwa watu wengine, au wewe unabadilisha filamenti mara kwa mara, slaisa ni mahali bora. Kwa kishikio kimoja cha kazi moja, weka kwenye mchoro.

Kwa nini 21.93 na 8.20? Beringi ya 608 ina kipenyo cha nje mm 22, na kiwandani huruhusiwa kupungua si zaidi ya mm 0.009. Chuma hicho hakibonyei. Kinachopanuka ni plastiki. Tundu likiwa dogo kuliko beringi kwa 0.05 hadi 0.10, huishika vizuri kwenye PETG yenye ukuta wa mm 3 au zaidi kuzunguka tundu, ukiprinti kwa kuta nne. Ukizidisha, mambo mawili hutokea: ukuta unapasuka kati ya matabaka, kama ulivyoona, au unahimili na kuminya ringi ya nje mpaka vigololi vikose nafasi. Izungushe kwa kidole baada ya kuiingiza. Ikikwaruza au kuruka-ruka wakati mwanzo ilikuwa laini, mbano umezidi.

Nyundo iweke kando. Bana kwenye jiliwa, polepole, kwa kutumia soketi ya spana au bomba linalokanyaga ringi ya nje tu. Ukisukuma kwenye ringi ya ndani nguvu yote inapita kwenye vigololi, na beringi inaharibika siku ya kwanza. Kitako kiwe na kina cha mm 7.2 kwa beringi ya mm 7, na sakafu iwe na tundu la mm 19 katikati ili ringi ya ndani na kifuniko visisugue plastiki.

Nikuambie pia lisilopendeza: mbano kwenye plastiki haudumu kama kwenye chuma. Plastiki iliyovutwa kwa muda mrefu hulegea yenyewe, na joto huiharakisha. PLA hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, joto ambalo dashibodi ya gari juani inaweza kulikaribia. PETG husogea hadi karibu 80. Ikiwa kishikio kitakaa mahali pa joto, au hutaki kuhangaika na sehemu za mia za milimita, chora mbavu. Tanua tundu litoke kweli 22.3, kisha weka mbavu sita nyembamba za wima, zenye upana wa mm 0.8 hivi, ncha zake zikifika kwenye duara la 21.8, na mdomo wa juu uwe wa mshazari. Beringi ikiingia inazikwangua mbavu badala ya kuupasua ukuta, na kosa la 0.1 la printa halisikiki. Kinachopotea ni usahihi wa kituo, kwa sababu mbavu hazikwanguliwi sawasawa. Kwa rola ya kawaida hilo si kitu. Kwa mashine inayohitaji kituo kamili, baki na tundu laini.

Fimbo ni habari nyingine. Mwanya wa 0.15 hadi 0.25 hutosha kwa mtelezo, lakini kadiri tundu linavyokuwa refu ndivyo kila kovu linavyopata nafasi ya kukwama. Kwenye mm 20 za urefu, ifanye sehemu ya katikati iwe pana, mm 9, na uache shingo mbili za mm 5 kwenye ncha ndizo zibebe fimbo. Kupanda kutoka shingo nyembamba hadi sehemu pana hakuna shida. Kurudi kutoka pana hadi nyembamba fanya kwa mteremko wa nyuzi 45, la sivyo ukingo utaprintiwa hewani na kuning'inia. Mshono usiuache uamuliwe na slaisa ndani ya tundu. Usogeze kwenye upande usiobeba mzigo. Ukuta wa nje, ambao ndio unaochora tundu, uende mm 25 hadi 30 kwa sekunde. Na kama unaishi pwani, kausha filamenti kwanza. PETG iliyovuta unyevu hutoka ikitokota, na vijinyuzi vyake ndani ya tundu la mtelezo vitakufanya uamini kwamba hesabu imeshindwa.

Yote haya ni kwa tundu lililosimama wima wakati wa kuprinti. Likilala, dari yake hulegea na kushuka, na hakuna b inayofidia hilo; lipe umbo la tone la maji, ncha juu, au ligeuze.

Ukiliprinti bamba na kukuta tundu la 22 linasoma, tuseme, 21.73 upande mmoja na 21.88 ukilipima kwa kulikata pembe-mraba, acha kufidia. Tundu hilo ni yai. Chanzo ni mkanda uliolegea, au skrubu ndogo ya puli iliyofunguka kwenye shafti ya mota, na mara nyingi mtu aliyezoea mashine hizi akiushika mkanda kwa mkono anajua ndani ya dakika moja. Na kama beringi hii itabeba kitu kinachoweza kumwumiza mtu kikichomoka, mfano gurudumu la kiti cha mgonjwa au kapi lenye mzigo juu ya vichwa, usiitegemee plastiki peke yake. Peleka beringi na kishikio kwa fundi wa kukereza, akutengenezee bushi ya alumini inayoshika beringi kwa mbano wa kweli na yenye ukingo wa kufungwa kwa skrubu kwenye kipande chako.

Ukishaprinti kishikio kipya, na beringi ikawa bado inalegea kidogo au fimbo inabana kidogo, badilisha b kwa 0.03 na urudie kipande kifupi chenye tundu hilo tu. Namba ya s usiiguse, isipokuwa umebadilisha aina ya filamenti.